Folda Inayonenepa Kando ya Katalogi

Mpiga picha wa harusi anayetumia Lightroom Classic huona diski ya kompyuta ikijaa ilhali picha zake ziko kwenye diski ya nje. Mlaji ni folda yenye jina linaloishia na `Previews.lrdata`, ambamo programu hutunza nakala za kutazamia. Zile za ukubwa kamili ndizo nzito. Kwenye Catalog Settings mtu anaweza kuagiza zifutwe baada ya siku 30.

Smart Previews ni kitu kingine: nakala zenye upande mrefu wa pikseli 2560, zinazokubali kuhaririwa hata diski ya nje ikiwa imechomolewa. Adobe hutoa mfano wa picha 500 za GB 14, ambazo Smart Previews zake huchukua MB 400 tu. Hizo, kwa kweli, si za kuonea uchungu.

Vijipicha vikibaki vya kijivu, au rangi zikitofautiana na za Develop, programu ifungwe, folda ya `Previews.lrdata` ifutwe, kisha nakala zijengwe upya. Marekebisho hayapotei, maana yamo ndani ya `.lrcat`. Ila diski yenye picha asili iunganishwe kwanza.