Likizo ya uzazi kwa mfanyakazi mpya

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Haki hii hurudi kila mzunguko wa miezi 36. Kwa kawaida, mfanyakazi asiyetimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo hiyo yenye malipo.

Mama hutakiwa kumwarifu mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, akiambatisha cheti cha daktari. Tuseme muuza duka aliajiriwa tarehe 1 Machi na anatarajia kujifungua tarehe 15 Novemba. Taarifa yake iwe imefika kufikia tarehe 15 Agosti. Miezi sita ataitimiza mwishoni mwa mwezi huo. Likizo yaweza kuanza wiki nne kabla, tarehe 18 Oktoba, na itaishia tarehe 9 Januari. Akirudi, ana saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, jambo ambalo wenye maduka madogo husahau mno.

Baba hupata siku tatu tu zenye malipo, nazo ni chache kweli. Lazima azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Akichelewa, mwajiri halazimiki kumpa.