Yanaivaporeti: Alama Moja au Sifuri?

Swali ni la Sayansi, darasa la sita: kwa nini nguo zilizoanikwa hukauka upesi siku yenye upepo? Mwongozo wa kusahihisha unatoa alama mbili. Ya kwanza ni ya kusema kwamba maji hugeuka kuwa mvuke. Ya pili ni ya kusema kwamba upepo huondoa hewa yenye unyevu iliyoizunguka nguo.

Mtoto ameandika: “Maji yanaivaporeti alafu upepo unaondoa ile ewa yenye unyevu.”

Msahihishaji anayewinda neno “mvuke” atampa alama moja, au hata sifuri, kwa sababu “hewa” nayo imepoteza herufi. Hoja zote mbili lakini zimo. “Alafu” na “ewa” ni maneno yaliyoandikwa kama yanavyosikika kwa wasemaji wengi wanaoiacha h. “Yanaivaporeti” ni kitenzi cha Kiingereza kilichovishwa viambishi vya Kiswahili: ya- ya maji, -na- ya wakati. Anayestahili kupoteza alama ni mwenzake aliyeandika “yanaboili”. Naye amechanganya lugha, ila kosa lake liko kwenye sayansi, maana kamba ya nguo haichemshi maji.

Wengine hutafuta nafuu kwa kuhesabu herufi: neno likitofautiana na la mwongozo kwa herufi moja au mbili, likubaliwe. Programu nyingi za kompyuta hulinganisha maneno hivyo hivyo. Kwa “hidrojeni” na “haidrojeni” njia hiyo inafaa. Tatizo ni vitenzi. “Hupumua” na “hapumui” zinatofautiana kwa herufi mbili tu, lakini anayeandika kwamba nyangumi hupumua kwa matamvua amekosa, na anayeandika hapumui amepata. Ukanushi wa Kiswahili hujificha ndani ya kitenzi chenyewe, mwanzoni na mwishoni, mahali ambapo jicho lililochoka hupita haraka.

R na l zina mambo yake. “Kupiga kula” kwenye swali la uraia haliwezi kumaanisha kitu kingine isipokuwa kura, kwa hiyo alama itolewe. Katika imla ya Kiswahili neno hilohilo ni kosa, kwa kuwa pale tahajia ndiyo inayopimwa.

Dawa si kuwaambia wasahihishaji “tumieni busara”, kwani busara ya asubuhi si ya karatasi ya mia mbili. Kabla ya kuanza, wasome pamoja majibu ishirini hivi, kisha waongeze kwenye mwongozo, chini ya hoja ya mvuke: kubali “yanakuwa mvuke”, “yanapaa kama mvuke”, “yanaivaporeti”, kataa “yanachemka”, “yanaboili”, “yanakauka”. Hilo la mwisho huzua ubishi kila mara, kwa sababu linasikika kama jibu. Kumbe mtoto amerudia swali tu.