Kumwona mwenzako bora kuliko anavyojiona

Tunapotayarisha wachumba kwa ndoa, tunawaonya kwamba mapenzi ni kipofu na tunawaomba wafungue macho. Onyo hilo ni zuri, lakini ni nusu tu ya ukweli.

Mwaka 1996 Sandra Murray na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, huko Kanada, walichunguza wachumba na watu wa ndoa. Kila mmoja alijipima mwenyewe kwa orodha ya tabia, kama wema, uvumilivu na uvivu, kisha akampima mwenzake kwa orodha ile ile. Mara nyingi mtu alimwona mwenzake kuwa bora kuliko mwenyewe alivyojiona, na waliotazamana hivyo walikuwa na furaha zaidi. Walipofuata wachumba kwa mwaka mmoja, waliona kwamba wale waliotazamana kwa wema walidumu zaidi. Tena, polepole, aliyetazamwa vizuri alianza kujiona hivyo naye.

Tuseme mume ni mwashi, mtu wa maneno machache. Yeye anajiona mgumu wa moyo. Mke wake anasema: “Ni mtu wa huruma, hajui tu kuionyesha.” Siku akirudi amenuna, mke hawazi kwamba amechukiwa, anawaza kwamba kazi imemchosha, na anamtilia maji ya kuoga. Ugomvi haupati mahali pa kuanzia. Na mume, kwa kuwa anajua nyumbani anahesabiwa kuwa mtu wa huruma, anaona haya kuwa kinyume. (Hata Simoni aliitwa Mwamba kabla hajawa imara, alikana baada ya kupewa jina hilo.)

Lakini kuna mpaka. Mwaka 2005 Lisa Neff na Benjamin Karney walichapisha utafiti juu ya maharusi wapya wa Marekani. Karibu wote walisifu wenzao kwa jumla. Tofauti ilikuwa katika mambo madogo: wake waliompenda mume kwa jumla, huku wakijua vizuri uwezo na udhaifu wake hasa, walimsaidia vizuri zaidi, na ndoa zao hazikuvunjika kwa urahisi.

Kwa hiyo mimi, nikikaa na wachumba, huuliza kila mmoja peke yake: “Udhaifu wa mwenzako ni upi, na utakugharimu nini?” Dada akijibu, “Hajui kutunza feza, basi mimi nitashika mfuko, lakini ni mtu mwema,” sina wasiwasi. Akisema hana udhaifu wowote, naahirisha mazungumzo ya tarehe ya harusi. Na akisema, “Alinipiga, lakini moyoni ni mwema,” hapo hatuzungumzi tena juu ya kumtazama mtu kwa wema. Kipigo ni tendo, na kulipamba humfanya anayepiga aendelee. Dada huyo kwanza atafutiwe usalama, hata kama mahari imekwisha kutolewa.