Jukwaa lililoning'inia kwenye zege la jana

Tarehe 27 Aprili 1978, baada tu ya saa nne asubuhi, mafundi 51 walikuwa juu ya jukwaa, kama mita 50 kutoka ardhini, wakijenga mnara wa kupozea maji wa kituo cha umeme huko Willow Island, West Virginia, Marekani. Ndoo ya tatu ya zege ilikuwa inapanda. Kamba ya chuma ikalegea, kreni ikaangukia ndani ya mnara, jukwaa nalo likabanduka ukutani, upande baada ya upande. Ripoti ya ajali huwa na sehemu ya majeruhi: nani kaumia wapi, kapelekwa hospitali gani. Kwa waliokuwa jukwaani hapakuwa na la kuandika, kwani wote 51 walikufa, 11 kati yao wa ukoo mmoja.

Jukwaa hilo halikusimama ardhini kama mirunda tuliyoizoea. Lilifungwa kwa boliti kwenye ukuta wenyewe. Mafundi walimwaga pete ya zege yenye kimo cha mita 1.5, kisha wakalipandisha jukwaa, wakamwaga nyingine. Asubuhi ile mzigo ulikuwa kwenye pete ya 28, iliyomwagwa jana yake tu, na usiku ulikuwa wa baridi kali. Zege kwenye baridi hukomaa polepole mno.

Wachunguzi walikuta boliti zimekosekana, nyingine ni za daraja hafifu. Mfumo wa kupandishia zege ulikuwa umebadilishwa bila kupitiwa ipasavyo na wahandisi, na njia ya kushukia ilikuwa moja tu. Mwandishi wa ripoti mwenye haraka angeishia hapo: boliti hazipo, jukwaa limeanguka. Lakini kasoro iliyokutwa kwenye kifusi si lazima iwe ndiyo iliyoangusha. Zote huandikwa kwenye historia ya matengenezo. Chanzo hutafutwa kivyake.

Wataalamu wa serikali wakachanganya zege la aina ileile, wakalitunza kwenye baridi kama ya usiku ule, kisha wakalipima. Lilikuwa dhaifu mno kwa mzigo uliowekwa. Kwa hiyo wakahitimisha kwamba, kwa uwezekano mkubwa, pete ya 28 ndiyo iliyoachia kwanza.

Hapo ndipo neno "limekaguliwa" linapohitaji kubanwa. Mkaguzi anaweza kupitia mabomba, mbao na nati zote, akatia saini kwa haki kabisa, na bado asiguse kile kinachobeba jukwaa. Ripoti nzuri hutaja nani alikagua, saa ngapi, na aligusa nini hasa. Willow Island pete ya 28 haikupimwa kabla ya kubebeshwa mzigo. Kipimo chenyewe si cha ajabu: siku ya kumwaga, zege kidogo hujazwa kwenye vikopo, huachwa palepale kwenye baridi ya mnara, na asubuhi hubanwa kwa mashine hadi lipasuke, kabla mtu hajalegeza boliti hata moja.