Bei ya Dubai na Bei ya Shimanzi

Mfanyabiashara anayeagiza kwa mara ya kwanza huitazama bei ya Dubai akasahau njia. Tuchukue mfano wa chupa 100 za chai zilizonunuliwa kwa shilingi 170,000. Nauli ya meli ni 27,000, na bima 3,000, jumla 200,000. Ushuru wa forodha, ukiwa asilimia 25, hutozwa juu ya jumla hiyo, wala si bei ya kununulia: 50,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, hutozwa juu ya 250,000: nayo ni 40,000. Chupa ya 1,700 imekwisha kuwa 2,900, kabla ya tozo ya reli, ada za bandari, ujira wa wakala na lori hadi ghala la Shimanzi. Aliyeahidi kuiuza 2,500 amejiahidi hasara.