Kutafuta kwa Kiswahili, kupata kwa Kiingereza

Tuseme umeandika "dawa ya kichocho kwa watoto" kwenye mtambo wa kutafutia makala za tiba, na makala zote zilizomo ni za Kiingereza. Ukilinganisha herufi kwa herufi huambulii kitu. Basi njia ya kwanza ni kulitafsiri swali. "Ya" na "kwa" zinaachwa, "watoto" inarudishwa kuwa "mtoto" kwa sababu ndivyo kamusi inavyoliorodhesha, kisha kila neno linatafutiwa maana zake:

```
dawa     -> medicine, drug, treatment
kichocho -> bilharzia, schistosomiasis
mtoto    -> child
```

Ukichagua tafsiri moja tu, `bilharzia`, utazikosa makala nyingi, maana waganga wengi siku hizi huandika `schistosomiasis`. Haya, tuweke zote? Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Chukua makala A, inayohusu dawa za watoto kwa jumla: ina `medicine`, `drug`, `treatment` na `child`. Makala B inahusu kichocho chenyewe: ina `schistosomiasis`, `drug` na `child`. Ukihesabu maneno yaliyopatikana, A ina manne, B matatu. A inashinda, na kichocho hakimo kabisa! "Dawa" imepiga kura tatu kwa sababu tu kamusi imeipa maana nyingi.

Mwaka 1998 Ari Pirkola wa Finland alionyesha dawa yake (samahani kwa neno): tafsiri zote za neno moja zihesabiwe kama neno moja. Sasa A imegusa makundi mawili, B yote matatu. Zaidi ya hapo, kundi la "dawa" limo karibu kila makala ya tiba, kwa hiyo uzito wake unashuka, na la kichocho linabaki na nguvu.

Njia ya pili haitumii kamusi. Modeli iliyofunzwa kwa lugha nyingi, kama XLM-R, inaweza kufunzwa zaidi ili igeuze swali na kila makala kuwa vekta, yaani safu ya namba mia kadhaa, na zenye maana moja zikae karibu hata lugha zikitofautiana. Inashika vizuri swali refu la kuelezea. Lakini neno adimu kama "kichocho" hukatwa vipande vipande, na vekta yake inaweza kuangukia "minyoo" kwa jumla. Kamusi isipolijua neno, utaona pengo. Vekta haina pengo: daima kuna makala iliyo karibu kuliko nyingine, nawe utaletewa hiyo.

Kuna jaribio rahisi la kulikamata kosa hili. Badilisha "kichocho" uweke "matende", maneno mengine yabaki vilevile. Kama zile makala kumi za juu hazibadiliki sana, ujue modeli hailisikii neno lako. Mimi hapo ningeziendesha njia zote mbili na kujumlisha alama zao, huku neno la ugonjwa nikiliachia kamusi.