Magitaa Mawili ya Macon

Mwaka 1973 bendi ya Allman Brothers, yenye makao Macon, Georgia, ilitoa “Ramblin’ Man”. Wenyewe waliuona wa kikantri mno kwa kundi la bluzi, lakini ulifika namba mbili kwenye chati ya Billboard.

Usikilize mwishoni. Gitaa la Dickey Betts, mtunzi wake, linakwenda sambamba na la Les Dudek: melodi ileile, moja juu, jingine chini, kama waimbaji wa kwaya. Bendi ilikuwa na wapiga ngoma wawili, na jukwaani wimbo mmoja uliweza kupita dakika 20.

Eagles wa Los Angeles nao walichanganya kantri na roki, hata banjo ya Bernie Leadon ikasikika. Ila kwao uzito ulikuwa kwenye sauti za kuimba zilizopangwa kwa makini. Magitaa yalisubiri zamu.